Laptopu tatu, PLC moja: programu ya kweli ni ipi?

*Yaya, salamu kutoka Kampemba hapa Lubumbashi. Kiwandani kwetu tuko mainjinia watatu na PLC tano za Siemens: nne ni S7-1500, moja ni S7-300 ya zamani. Kila mtu ana projekti kwenye laptopu yake, na folda zinaitwa FINAL, FINAL2, FINAL_YA_KWELI. Mwezi uliopita nilipakia kazi yangu, kesho yake mwenzangu akasema marekebisho yake yametoweka. Shefu anataka tuanze kutumia Git. Je, Git itatutosha? Na daftari la mabadiliko tuliandike vipi ili watu walijaze kweli?*

Mdogo wangu, Git peke yake haitawatosha, na ni vizuri mjue sababu kabla hamjamaliza wiki nzima kuiweka. Git inalinda mafaili. Inajua faili lilikuwaje jana, lipoje leo, na nani aliligusa. Kilichomo ndani ya CPU, ubongo wa PLC unaoendesha mashine, haikijui. Mtu akishuka usiku na kebo yake, akafungua bloki moja ya programu akiwa onlaini, akabadili taima na kupakia, Git haina habari kabisa. Wanaotengeneza programu za simu wana bahati: kwao faili ndiyo chanzo, kila kitu kinatoka humo. Kwetu sisi programu inaishi nyumba mbili, kwenye diski na kwenye PLC, na mara nyingi mlango wa PLC uko wazi kwa yeyote mwenye laptopu. Kilichowapata mwezi uliopita kiliingilia mlango huo.

Kilinipata na mimi, na nakisimulia kwa sababu kila kanuni nitakayokupa hapa chini imetoka humo.

Ilikuwa katika kiwanda kinachotoa shaba kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki. Kulikuwa na pampu, nitaiita P-204, inayovuta maji ya mchakato kutoka shimo la kukusanyia na kuyapandisha kwenye tangi. Chini ya shimo kulikuwa na sensa ya kiwango. Maji yakishuka chini ya sensa kwa sekunde 3, pampu inasimama ili isizunguke kavu. Shida ilikuwa povu. Sensa ilidanganyika, na pampu ikawa inasimama bure mara nyingi kila usiku.

Jumatatu nilichukua nakala ya projekti kutoka seva ya ofisi nikaiweka kwenye laptopu yangu. Nilikuwa na kazi ya kuandika programu ya pampu mpya ya kupimia dawa ya kugandisha tope, kazi ya siku nane hivi. Jumatano usiku mwenzangu wa zamu aliitwa kwa ajili ya P-204. Alifanya kazi ya akili: aliongeza taima ya kiwango kutoka sekunde 3 hadi 8, na kwa kuwa sekunde 8 ni nyingi kwa pampu iliyo kavu, akaweka ulinzi wa pili. Mkondo wa mota ukishuka chini ya kiasi fulani kwa sekunde 2, pampu isimame hata kama sensa inasema maji yapo. Pampu isiyo na maji haina mzigo, kwa hiyo mota yake inavuta umeme kidogo. Mkondo haudanganywi na povu. Akapakia, akajaribu pamoja na opereta, kukatulia. Akamwambia opereta: sasa kuna ulinzi wa mkondo, msiogope sana hiyo sensa. Projekti akaihifadhi kwenye laptopu yake, akaandika kwenye kundi la WhatsApp "P-204 sawa", akaenda kulala.

Jumanne iliyofuata mimi nikapakia kazi yangu. TIA Portal, programu ya Siemens tunayoandikia, ilinionya. Kilifunguka kidirisha kinachosema kwamba baadhi ya bloki ndani ya CPU zimebadilika na hazilingani na zangu, kikaniorodheshea majina. Nilipitisha macho haraka, nikaona majina ya bloki nilizozigusa mimi, nikadhani tofauti zote ni zangu, nikabofya kuendelea bila kusawazisha. FB_Pampu, bloki ya pampu aliyoibadili mwenzangu, ikafunikwa na ya kwangu ya wiki iliyopita.

Tazama jinsi madhara yalivyopita njia ndefu. Taima ilirudi sekunde 3, povu likaanza tena kusimamisha pampu. Opereta wa usiku alichoka, akaiweka sensa kwenye baipasi kutoka kwenye skrini. Hakukosea kwa alichokijua, maana aliambiwa ulinzi wa mkondo upo. Lakini ulinzi huo nilikuwa nimeufuta mchana. Saa tisa usiku shimo liliisha maji, na simu yangu ikalia: "Shefu, pompi inalia tu, maji hamuna." Tulipofika, sili ya pampu ilikuwa imeungua na asidi inachuruzika sakafuni.

Asubuhi nilifungua laptopu yangu nikalinganisha na PLC. Duara zote zilikuwa kijani. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ninalotaka ulishike: kijani ina maana kwamba vitu viwili vinafanana, si kwamba ni sahihi. Bila shaka vilifanana, mimi ndiye niliyepakia. Tulipounganisha laptopu ya mwenzangu, FB_Pampu ikaonyesha duara la nusu buluu nusu chungwa, na tulipofungua ndani tukauona mstari wa mkondo uko kwake, kwenye PLC haupo. Tulikuwa na nakala mbili zenye uzito sawa, na hakuna ya tatu ambayo sote tuliikubali kuwa ndiyo mama.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuipata hiyo mama. Anzeni PLC moja moja, na msianze kwa kubishana laptopu ya nani ni nzuri. Kaeni watatu mbele ya PLC. Mmoja afungue projekti yake, aende onlaini, abofye kulia kwenye PLC na kuchagua Compare kisha Offline/online. Pigeni picha ya orodha ya bloki zisizolingana. Wa pili afanye hivyo hivyo, na wa tatu. Karibu hakika hakuna atakayekuwa kijani tupu. Chagueni projekti iliyo karibu zaidi na PLC, iwe msingi.

Sasa kuna mtego. Wengi huishia kwa kuvuta kila kitu kutoka PLC wakisema kilichomo kwenye mashine ndicho kinachofanya kazi. Lakini kumbuka kisa chenu: marekebisho ya mwenzako hayapo tena kwenye PLC, yapo kwenye laptopu yake tu. Mkivuta kwa pupa mtauhalalisha ufutaji. Kwa kila bloki yenye tofauti, ifungueni pande zote mbili, muulizane nani aliigusa na kwa sababu gani, na inapohusu ulinzi wa mashine mwiteni opereta aseme kipi alikuwa anakitegemea. Kisha mchague upande. Tengeni nusu siku kwa kila PLC. Haiwezekani kuifanya kwa dakika ishirini.

Mkishakubaliana, na PLC na projekti zikalingana, fanyeni Archive. TIA Portal itawapa faili moja lililobanwa, lenye mwisho unaoonyesha toleo, kwa mfano `.zap17` kwa V17. Lipeni jina lenye tarehe na namba, mkaliweke kwenye seva. Zile folda za FINAL zipewe jina ZAMANI na ziondolewe mezani, ila msizifute kwa miezi kadhaa. Kuna siku mtu atakumbuka kitu. Na mkubaliane siku hiyo hiyo kwamba nyote mtatumia toleo moja la TIA Portal. Projekti ikishapandishwa kwenda toleo jipya, la zamani haliwezi tena kuifungua, na mmoja wenu akiipandisha peke yake amewafungia wenzake nje.

Kazi ya pili ni mlango. Nani anaruhusiwa kupakia, na lini? Huko kwa watu wa programu za kompyuta, kila mtu hufanya kazi kwenye tawi lake halafu matawi yanaunganishwa. Kwa projekti ya TIA Portal njia hiyo haifai, kwa sababu projekti ni hifadhidata yenye mafaili mengi yanayotegemeana. Haiwezekani kuchukua folda mbili na kuzichanganya ziwe moja. Siemens wana Multiuser, tangu V14, ambapo projekti inakaa kwenye seva na kila mtu anafanya kazi kwenye kikao chake. Ni kitu kizuri kama mtandao wenu ni imara na timu ni kubwa. Kwa watu watatu, mimi ningeanza na kadi.

Kadi ninamaanisha kadi ya plastiki, moja kwa kila PLC, inayoning'inia kwenye ubao wa ofisi. Kila mtu kiwandani anazijua kufuli za usalama: huwezi kuingiza mkono kwenye mashine bila kufuli yako. Basi iwe hivyo hivyo. Asiye na kadi ya PLC 3 mkononi hapakii kitu kwenye PLC 3. Mwenye kadi anachukua projekti mama kutoka seva, si ya kwenye laptopu yake, na kabla ya kugusa chochote analinganisha na PLC. Ikiwa si kijani, anasimama na kuuliza kwanza. Kisha anafanya kazi, anapakia, analinganisha tena, anahifadhi mama mpya kwenye seva, anaandika daftari, anarudisha kadi.

Utaniuliza: na kazi ya siku nane kama ile yangu? Kadi haiwezi kukaa mfukoni siku nane. Kazi ndefu fanya bila kadi, kwenye nakala, ukijua kwamba nakala hiyo haitapakiwa kamwe. Siku ukiwa tayari, chukua kadi, chukua mama ya siku hiyo, halafu fungua nakala yako kama Reference projects ndani ya TIA Portal. Itafunguka kwa kusomwa tu, na utaburuta bloki zako mpya kuziingiza kwenye mama. Unahamisha bloki tatu, huhamishi projekti nzima pamoja na uzee wake. Ningefanya hivyo Jumanne ile, FB_Pampu isingeguswa.

Na usiku, mashine imesimama, hakuna wa ofisini? Kadi zilale kwenye chumba cha kuendeshea, anayekuja achukue hapo. Asizuiwe na utaratibu, atengeneze. Lakini kabla hajaondoka mbele ya kabati la umeme, zile bloki alizozibadili ziwe kwenye seva na mstari uwe kwenye daftari. Kama mtandao umekatika, aandike daftari, aweke projekti kwenye fleshi, na aache kadi pamoja na fleshi. Anayefuata akiikuta kadi ina fleshi, anajua mama ya kwenye seva imepitwa.

Sasa Git. Ina kazi yake, na ni kazi nzuri, ila inakuja ya tatu. Kuanzia V16, TIA Portal ina Version control interface. Unaikuta kwenye mti wa projekti, unaongeza workspace, unaielekeza kwenye folda, na bloki zako zinatolewa kama mafaili ya maandishi: bloki za SCL, lugha ya maandishi, zinatoka kama `.scl`, za ngazi, zinazochorwa, kwa kawaida zinatoka kama XML. Bloki lazima ziwe zimekompailiwa bila kosa kabla ya kutolewa, na zile zilizofungwa kwa nywila hazitoki. Folda hiyo ndiyo unayoiweka kwenye Git. Mwenye kadi, baada ya kupakia na kulinganisha, anaandika kwanza `git pull`, anatoa bloki, kisha anaandika:

```
git add -A
git commit -m "K2-031 FB_Pampu: taima 3s kwenda 8s, ulinzi wa mkondo P-204"
git push
```

Faida yake unaiona siku mtu anapouliza kilichobadilika. Kwa kisa cha P-204, kiini cha `git diff` kingekuwa hiki:

```
-#tKiwango(IN := NOT #LSL, PT := T#3S);
+#tKiwango(IN := NOT #LSL, PT := T#8S);
+#tMkondo(IN := #Inazunguka AND #Mkondo < #MkondoChini,
+         PT := T#2S);
```

Mistari minne, na mtu yeyote anayesoma SCL anaelewa. Kama upakiaji wangu ungefuata ukiwa umejengwa juu ya nakala ya zamani, alama za kutoa zingekaa mbele ya mistari ya `#tMkondo`, na mtu angeshtuka mchana, kabla ya saa tisa usiku.

Kwa bloki za ngazi raha hiyo haipo. Mguso mdogo kwenye mtandao mmoja, yaani safu moja ya mantiki ndani ya bloki, unaweza kuleta mistari mingi ya XML, namba za vitambulisho zikisogea huku na huku. Hapo mimi huitumia Git kunijulisha bloki gani ilibadilika na lini, halafu ninarudi TIA Portal kulinganisha kwa macho nini kilibadilika. XML ya ngazi usiiunganishe kwa mkono hata ukijiamini. Na kumbuka kwamba mafaili hayo ya maandishi si projekti kamili: usanidi wa vifaa, anwani za mtandao na mengine hayamo. Ndiyo maana Archive inabaki kuwa bekapu yenu. Ikae folda nyingine, nje ya Git, kwa sababu ni faili lililobanwa na kila toleo lingeongeza uzito wake wote kwenye hifadhi.

Git haihitaji intaneti, na kwa mji wetu hilo si jambo dogo. Hifadhi kuu inaweza kukaa kwenye kompyuta ya ofisi yenye betri ya akiba, na historia yote inakuwepo pia kwenye kila laptopu.

Nikitaja umeme, kuna jambo moja ambalo Git, kadi na duara za kijani zote hazilioni, nalo ni thamani zilizo ndani ya DB, yaani bloki ya data. Kila kigezo kwenye DB kina thamani ya kuanzia, iliyoandikwa kwenye projekti, na thamani halisi, inayoishi ndani ya CPU. Opereta akibadili kiwango cha mkondo cha P-204 kutoka kwenye skrini, anabadili thamani halisi. Ulinganisho unaangalia programu na thamani za kuanzia, kwa hiyo unabaki kijani. Kisha SNEL, shirika letu la umeme, inakata umeme. Umeme ukirudi, kila kigezo ambacho hakikuwekwa kuhifadhiwa kinarudi kwenye thamani ya kuanzia, pengine ile ya siku ya kuwasha kiwanda miaka mingi iliyopita. Vivyo hivyo ukiongeza kigezo kipya kwenye DB na kuipakia: TIA Portal itakuonya kwamba DB itaanzishwa upya, na ukikubali bila kufikiri, setipointi zote za DB hiyo zinafutika.

Kwa hiyo kabla ya kupakia DB, chukua picha ya thamani halisi, Snapshot of the actual values, kisha nakili zile zinazohusu mchakato kwenye thamani za kuanzia. Si zote, tafadhali. Kihesabio cha saa za mota au hatua ambayo mfuatano umefikia haifai kuwa thamani ya kuanzia. Mimi huzitenga setipointi kwenye DB yake peke yake, isiyo na kitu kingine, na kuinakili mara moja kila mwezi hata kama hakuna aliyepakia kitu.

Tufike kwenye daftari. Umeuliza litajazwaje kweli. Watu hawajazi daftari linalouliza mengi, wala hawajazi lile ambalo hakuna anayelisoma. Letu lilikuwa kitabu cha kawaida chenye jalada gumu, kando ya ubao wa kadi, na kila badiliko lilipewa namba. Mstari wa P-204 ungeandikwa hivi: "K2-031. PLC 3, FB_Pampu. Taima ya kiwango 3 s imekuwa 8 s. Ulinzi mpya wa mkondo, 2 s. Sababu: povu linasimamisha P-204 bure usiku. Kurudi nyuma: pakia FB_Pampu ya K2-030. Opereta wa zamu ameambiwa na amejaribu nasi." Halafu jina, tarehe na saa. Dakika tatu.

Watu husahau sababu, nayo ndiyo utakayoihitaji. Mwaka mmoja baadaye kila mtu anaweza kuona kwamba taima ni sekunde 8. Hakuna atakayekumbuka povu, na injinia mpya atairudisha 3 kwa nia njema. Maneno ya "kurudi nyuma" nayo yanamlazimisha anayebadili kuhakikisha toleo la nyuma lipo kweli kabla hajapakia.

Kinacholifanya lijazwe ni namba yenyewe. K2-031 hiyo hiyo inaandikwa kwenye daftari, kwenye ujumbe wa Git, kwenye jina la Archive, na ndani ya PLC. Ndani ya PLC tunaiandika kwa mistari miwili ya SCL, kwenye bloki inayoitwa na OB1, bloki kuu ya programu:

```
"DB_Toleo".Namba  := 'K2-031';
"DB_Toleo".Tarehe := '2024-06-12';
```

Usiiandike kama thamani ya kuanzia ya DB. Ukibadili thamani ya kuanzia tu na kupakia, thamani halisi ya zamani inaweza kubaki palepale hadi CPU isimame na kuanza tena, na skrini itakuonyesha namba ya uongo. Ikiandikwa kwenye programu, inabadilika mara tu bloki inapopakiwa. Halafu onyesha `DB_Toleo` kwenye kona ya skrini ya chumba cha kuendeshea, na opereta aandike namba hiyo kwenye ripoti yake ya kupokezana zamu.

Fikiria Jumanne yangu kwa utaratibu huo. Zamu ya asubuhi imeandika K2-031. Mimi ninapakia nakala yangu yote ya wiki iliyopita, ambamo namba ni K2-030. Skrini inarudi nyuma. Opereta wa jioni, ambaye hajui hata SCL ni nini, anaona namba imeshuka na anapiga simu saa kumi na mbili jioni, wakati pampu bado ina maji. Ukomo wa njia hii ni kwamba mtu akibadili bloki moja tu na kusahau kuongeza namba, skrini haitasema kitu. Kwa hilo kuna ulinganisho wa kila Ijumaa: mmoja wenu anachukua mama kutoka seva, anazunguka PLC zote akiwa onlaini, na kila isiyo kijani inatafutiwa mwenyewe kabla ya wikendi. Dakika kumi kwa PLC, mkiwa mmezoea.

Nimeiacha S7-300 mwisho kwa sababu hiyo ina hatari yake. S7-1500 inabeba ndani yake majina ya vigezo na maelezo, hivyo hata projekti ikipotea, ukivuta kutoka CPU unapata kitu kinachosomeka. S7-300 haifanyi hivyo. Ukivuta bloki zake unapata `M10.3` na `DB12.DBW4` bila jina hata moja, bila maelezo ya mtandao wowote, na kujua tena `M10.3` ni nini ni kazi ya kufuata nyaya kwa wiki kadhaa. Kwa PLC hiyo kamwe usivute bloki kutoka CPU na kuzihifadhi juu ya projekti yenye majina. Utayafuta majina kwa mkono wako. Ukikuta tofauti, fungua ulinganisho, soma kilichobadilika kwenye CPU, na ukiandike upya wewe mwenyewe ndani ya projekti. Ningeanza na hiyo wiki hii, kabla ya zile nne: tafuteni ni laptopu gani kati ya hizo tatu yenye projekti yake iliyo na majina yote, mtoe nakala mbili, na moja isikae kiwandani.